Gemu ya bei ya Uturuki: yaliyoipata akaunti ya mpwa wangu hapa Moshi

FundiSakina

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi wa kompyuta pale Sakina, Arusha, ila leo naandika nikiwa Moshi, Majengo, nyumbani kwa dada yangu. Kompyuta ya mpwa wangu iko mbele yangu na mwenyewe amekaa pembeni, hajala tangu mchana. Nimemwomba ruhusa nisimulie, amekubali, kwa sababu kuna wenzake shuleni wanaelekea kulekule.

Kijana ana akaunti ya Steam, lile duka la gemu za kompyuta mtandaoni, tangu 2019. Alianza na gemu moja ya magari niliyomnunulia mimi mwenyewe alipofaulu mtihani, akaendelea kujidunduliza, sasa zimefika 31. Mwezi wa pili alitaka gemu mpya ya mpira. Kwetu Tanzania Steam inatuonyesha bei kwa dola, na hiyo ilikuwa 69.99. Kwa 2,600 kila dola, hiyo ni karibu 182,000. Hana.

Akasikia kwa wenzake kwamba Uturuki gemu ni rahisi, ukiwasha VPN unaonekana uko kule. Akapakua VPN ya bure kwenye simu, akaweka nyingine kwenye kompyuta, akachagua Uturuki, akafungua duka. Bei ikabaki ileile. Akatoka, akaingia upya, ileile. Alipofungua duka bila kuingia kwenye akaunti, hapo ndipo akaiona bei ya kule. Kwa hiyo bei ipo, ila akaunti yake haiipati.

Kwenye kundi moja la Telegram akakutana na dalali. Dalali akamwambia, "VPN peke yake haitoshi mdogo wangu, inatakiwa kadi ya kule, mimi ninayo. Nipe 80,000 nakununulia." Masharti: ampe jina la akaunti, nywila, na ile namba ya siri ya Steam Guard inayotokea kwenye simu. Mtoto akatuma hela kwa simu, akatuma na nywila, akasoma namba ya Steam Guard, akaituma.

Hiyo ilikuwa tarehe 3 Machi. Ndani ya nusu saa gemu ikawa kwenye akaunti. Alifurahi, akacheza wiki tatu. Tarehe 24 Machi anafungua kompyuta, gemu haipo. Akaunti imezuiliwa kununua, imezuiliwa kupokea zawadi, imezuiliwa kuuza vitu sokoni. Sababu iliyoandikwa ni kwamba kuna malipo yenye mgogoro. Gemu zile 31 za zamani bado zinafunguka, lakini dola 18 zilizokuwa kwenye pochi haziwezi kutumika. Na nchi ya akaunti sasa inasomeka Uturuki.

Nimeingia kwenye historia ya manunuzi. Malipo ya tarehe 3 Machi ni dola 44.99, kwa Visa ambayo hakuna mtu wa nyumba hii anayeijua. Dalali hapokei simu, na kundi lenyewe limefutwa.

Maswali yangu ni mawili. Kwanza, nini hasa kimetokea, maana wengi wanasema "amefungiwa kwa sababu ya VPN" na mimi naona kuna zaidi ya hapo. Pili, kuna cha kuokoa?

Chuga_Damu

Pole sana kaka. Ila kijana alikosea njia, VPN inafanya kazi vizuri tu. Mimi 2022 nilikuwa nacheza kwa bei ya Uturuki nikiwa hapahapa Ngarenaro. Unawasha VPN, unabadilisha nchi, unanunua kwa lira, gemu ya laki na nusu unaipata kwa elfu thelathini. Nilinunua nne. Mpaka leo akaunti iko sawa, hakuna aliyenigusa. Tatizo ni kwamba alitumia VPN ya bure. Chukua ya kulipia.

Kibosho Juu

Chuga_Damu, nakuamini kwamba ulifanya na ilikubali, ila unaeleza dunia ambayo haipo tena. Tarehe 20 Novemba 2023 Steam waliondoa lira ya Uturuki na peso ya Argentina. Nchi hizo sasa zinauziwa kwa dola, kwenye kundi la bei la ukanda wao. Zile bei za elfu thelathini zilitokana na lira kuporomoka wakati mwenye gemu hajapandisha bei yake. Siku hizi kampuni nyingine wanaweka bei ya chini kidogo kule, nyingine hawakujisumbua kuweka bei maalumu, na Mturuki analipa sawa na sisi. Kwa hiyo ukisikia mtu leo anatangaza "bei ya Uturuki" kana kwamba ni 2022, anza kumtilia shaka hapohapo.

Sasa swali la FundiSakina. Nimefanya kazi ya mifumo ya malipo miaka kadhaa, naomba nieleze taratibu.

VPN inabadilisha kitu kimoja tu, anwani ya IP, yaani mahali unapoonekana umetokea. Duka linaangalia vitu viwili vingine vizito zaidi. Cha kwanza ni nchi iliyoandikwa ndani ya akaunti, ile unayoiona ukifungua `Account details`. Mtu ambaye hajaingia kwenye akaunti anaonyeshwa bei kulingana na IP, ndiyo maana kijana aliiona bei ya Uturuki alipotoka. Akiingia tu, nchi ya akaunti inashika usukani.

Nchi hiyo haibadiliki mpaka ukamilishe ununuzi kwa njia ya malipo ya nchi unayodai umehamia. Cha pili ni kadi yenyewe, na kadi haidanganyiki kwa VPN. Tarakimu 6 hadi 8 za mwanzo za kadi yoyote zinataja benki iliyoitoa, na benki ina nchi. Kadi ya mtandaoni unayoitengeneza kwenye M-Pesa hapa Moshi inasema Tanzania hata ukiwa umekaa Istanbul kwelikweli. Ukiandika anwani ya uongo ya mtaa wa Ankara, zile tarakimu za mwanzo bado zinasema Tanzania. Hapo ndipo VPN ya bure na ya kulipia zinapokuwa kitu kimoja.

Kwa hiyo anayetaka bei ya kule lazima apate kadi ya kule. Na kwa kuwa hana, anatafuta mtu mwenye nayo. Hatari ya kweli inaanzia kwenye hatua hiyo, FundiSakina, na naomba uangalie tena zile namba ulizoziandika. Dalali alilipa dola 44.99. Kwa reti yako ya 2,600 hiyo ni karibu 117,000. Yeye alipokea 80,000. Amepata hasara ya 37,000 kumsaidia mtoto asiyemjua?

FundiSakina

Kibosho Juu, nimesoma mstari wako wa mwisho mara tatu. Namba zote mbili nilikuwa nazo, sikuziweka pamoja.

Kibosho Juu

Wengi hawaziweki pamoja, kwa sababu mnunuzi analinganisha 80,000 na 182,000 ya kwetu, halinganishi na alicholipa dalali. Anayeuza chini ya bei aliyonunulia, kila siku, kwa watu wengi, ina maana hela si yake. Ile kadi iliibwa mahali. Yeye anageuza kadi ya wizi kuwa shilingi safi, na akaunti ya mpwa wako ilikuwa ndoo ya kuchotea. Hadithi ya Uturuki na VPN ni ya kumfanya mteja asiulize kwa nini ni rahisi.

Kinachofuata ni hivi. Mwenye kadi, popote alipo, anaona kwenye taarifa yake dola 44.99 ambazo hakutumia. Anaiambia benki yake. Benki inavuta hela kutoka kwa duka. Duka limepoteza hela, na gemu imeshaingia kwenye akaunti fulani. Linaitoa hiyo gemu na kuifunga akaunti isinunue. Mashine haijui kwamba kuna mtoto wa Majengo aliyelipa 80,000 kwa simu. Inaona akaunti iliyopokea mali kwa kadi iliyolalamikiwa.

Na muda: kwa kawaida mwenye kadi ana kama siku 120 za kulalamika. Kwa mpwa wako ilichukua 21. Mwingine itachukua 90. Kwa hiyo anayesema "mimi nilinunua mwezi uliopita na bado inacheza" hajathibitisha kitu.

Chuga_Damu

Sawa kaka, hiyo ya lira kuondolewa nilikuwa nimeisikia juujuu, sikujua imefuta kabisa. Ila lile la kufungiwa kwa VPN si wanasema lipo kwenye mkataba? Mimi kwa nini sikufungiwa?

Kibosho Juu

Lipo. Mkataba wa Steam unasema waziwazi usitumie IP ya kuficha unakoishi ili ununue kwa bei isiyo ya eneo lako, na kwamba wana haki ya kukufungia akaunti kwa hilo. Zile gemu zako nne ziko chini ya haki hiyo mpaka leo. Hawajaitumia kwako. Siwezi kukuambia hawatawahi kuitumia, na wewe huwezi kuniambia. Walichofanya zaidi ni kubana milango: kubadilisha nchi hairuhusiwi zaidi ya mara moja ndani ya miezi mitatu, na zawadi kutoka nchi ya bei ndogo kwenda ya bei kubwa inakataliwa kama tofauti ni pana.

Mama Junia

Jamani naomba msaada, na mimi nina shida kama hiyo. Mwanangu ana PlayStation, tuko hapa Soweto, Moshi. Aliyetuuzia alitufungulia akaunti akaandika Marekani. Sasa nataka kuihamishia Tanzania ili bei ishuke nilipe kwa kadi yangu ya benki. Hiyo VPN nawasha upande gani, kwenye TV au kwenye ile mashine?

Njiro Bloku D

Mama, samahani, hapa wanazungumzia Steam ya kompyuta, PlayStation ni habari nyingine. Kule nchi ya akaunti unaichagua siku ya kuifungua na haibadilishwi tena, VPN iwashwe kwenye TV au kwenye mashine. Na Tanzania haimo kwenye orodha ya kuchagua. Kwa Afrika kusini ya Sahara iliyomo ni Afrika Kusini peke yake. Ndiyo maana wauzaji wanaandika Marekani au Uingereza. Hata ile kelele ya Mei 2024 ya gemu ya Helldivers 2 ilitokana na hilo: Sony walitaka kila mchezaji wa kompyuta aunganishe akaunti ya PlayStation, na watu wa nchi zisizo na huduma hiyo, sisi tukiwemo, wangekosa gemu waliyokwishanunua. Wachezaji walilalamika mpaka wakaghairi.

Kwa mwanao, kadi za zawadi lazima ziwe za nchi ileile ya akaunti, yaani za dola za Marekani. Ukinunua ya pauni itakataa na hela huipati.

Mama Junia

Asante mwanangu. Kwa hiyo ile akaunti yenyewe iko kihalali au siyo? Maana sisi hatujawahi kufika Marekani.

Njiro Bloku D

Mama, kwa maandishi yao ulitakiwa kuandika unakoishi, na unakoishi hapaandikiki. Mamilioni ya watu wako hivyo. Sijui mtu aliyefungiwa kwa hilo peke yake, lakini siwezi kukuambia ni halali.

Na mimi nina langu, Kibosho Juu unisaidie. Nilisoma Johannesburg miaka minne, akaunti yangu ya Steam ni ya randi, na kadi ya benki ya kule bado ninayo ina hela kidogo. Nimerudi Njiro tangu mwaka jana. Sitaki kudanganya mtu. Nikiendelea kununua kwa randi bila VPN yoyote, kwa kadi yangu halali, ni kosa?

Kibosho Juu

Dada, wewe uko tofauti na dalali, kadi ni yako na hela ni yako. Hakuna mwenye kadi wa kulalamika. Lakini kwa maandishi, bei ni ya unakoishi, na unaishi Njiro. Ningekuwa wewe ningemaliza salio la pochi, kisha ninunue gemu moja kwa kadi ya Tanzania ili nchi ibadilike. Ukibadilisha na salio limo, linageuzwa kuwa dola kwa reti ya siku hiyo.

Njiro Bloku D

Nimekuelewa, ila sikubaliani nawe moja kwa moja. Bado naenda Johannesburg mara mbili kwa mwaka. Wapi ninaishi, wao ndio wanaamua au mimi?

Wakili wa Mnarani

Ngoja niingize jambo ambalo hakuna aliyeligusa. Mnazungumza habari ya VPN kana kwamba ni kalamu ya kununua dukani. Tarehe 13 Oktoba 2023 TCRA walitoa tangazo kwa umma, kwamba watu na kampuni ambao shughuli zao zinahitaji VPN wawasilishe taarifa zao, pamoja na IP, kabla ya tarehe 30 Oktoba mwaka huohuo. Msingi wake ni kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2020, zinazokataza teknolojia ya kumfikisha mtu kwenye maudhui yaliyozuiwa, na adhabu iliyotajwa si chini ya shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili.

Ukisoma kanuni yenyewe, inalenga maudhui yaliyozuiwa, na duka la gemu halikuzuiwa. Tangazo lakini liliandikwa kwa upana. Mimi nasoma hivi, mwenzangu wa ofisi moja anasoma vingine, na hatujaona hukumu ya mahakama iliyotuamua. Kwa mtoto wa shule anayepakua VPN kwa sababu ya gemu, mzazi ajue tu kwamba hilo lipo.

Mpare wa Pasua

Mimi nauliza kitu kidogo. Steam si wanarudisha hela ndani ya siku 14 ukiwa hujacheza zaidi ya saa 2? Kijana angeomba mapema si angepona?

Kibosho Juu

Ni kweli wana utaratibu huo. Lakini hela inarudi ilikotoka. Ilitoka kwenye ile Visa, ingerudi kwenye ile Visa. Zile 80,000 zilikwenda kwa dalali kwa simu, Steam hawajawahi kuziona. Ila utaratibu huo ungeweza kumsaidia kijana kwa jambo moja: malipo yakisharudishwa kabla ya mwenye kadi kulalamika, huenda mgogoro usingetokea. Nasema huenda, sijaona mtu aliyejaribu. Mtu akijishuku mapema, ndani ya siku hizo 14, ningemshauri aombe.

FundiSakina, turudi kwako, maana kuna jambo la haraka kuliko gemu. Dalali alikuwa na nywila na alipewa namba ya Steam Guard. Je, umeangalia bado anaingia?

FundiSakina

Nimebadilisha nywila ya Steam na ya barua pepe. Hilo nilifanya jana usiku.

Kibosho Juu

Vizuri, lakini haitoshi. Ingia kwenye mipangilio ya Steam Guard utoe vifaa vyote, kisha uingie upya kwa simu ya kijana peke yake. Angalia barua pepe na namba ya simu zilizosajiliwa, kama ni zake herufi kwa herufi. Halafu fungua ukurasa huu ukiwa umeingia kwenye akaunti yake:

```
https://steamcommunity.com/dev/apikey
```

Mtoto wa shule hana sababu ya kuwa na ufunguo wowote hapo. Ukikuta umesajiliwa, ujue kuna mtu aliuweka ili aone na kuvuruga mabadilishano ya vitu vyake bila kuhitaji kuingia tena. Mtu anabadilisha nywila anadhani amemaliza, kumbe dirisha la nyuma liko wazi.

FundiSakina

Upo. Jina la tovuti lililoandikwa ni herufi za ovyoovyo, sijui hata namna ya kuzitamka. Kijana anaapa hajawahi kufika ukurasa huu. Nimeufuta sasa hivi mbele yake. Vifaa nilivyovikuta ni vitatu: kompyuta hii, simu yake, na kingine kilichoingia tarehe 3 Machi. Vyote nimevitoa.

Namshukuru sana aliyeniambia. Peke yangu nisingefika hapo.

Mpare wa Pasua

Dah. Mimi nina binamu alimpa dalali huyohuyo au anayefanana naye. Naenda kumwamsha sasa hivi.

Mzee wa Banda

Nina banda la gemu Kiboriloni, kompyuta sita. Nataka kuongeza upande wa malipo, kwa sababu si kila anayekwama ameibiwa. Mwaka juzi nilikuwa naacha VPN imewashwa siku nzima kwa mambo mengine, nikasahau, nikaenda kununua gemu kwa kadi yangu ya benki moja hapa mjini. Malipo yalikataliwa mara ya kwanza. Nikarudia mara nne. Jioni kadi ikafungwa yote, na hela ya jaribio la kwanza ikawa imeshikiliwa kwenye akaunti ya benki kwa siku tisa kabla ya kurudi. Gemu sikupata. Nilikuwa nataka kulipia kodi ya banda kwa kadi hiyohiyo.

Kibosho Juu

Mzee, shikamoo. Ndivyo inavyokuwa. Kadi inasema Tanzania, IP inasema, tuseme, Uholanzi, na unarudia mara nne ndani ya dakika kumi. Kwa mfumo wa kukamata wezi, hiyo ni sura ya mtu aliyeokota namba ya kadi. Ukikataliwa mara moja, usirudie. Zima VPN, funga duka, fungua upya, hakikisha nchi ya akaunti ni Tanzania, ndipo ujaribu mara moja tena. Na ni vizuri kutumia kadi ya mtandaoni uliyoijaza kiasi cha gemu tu. Ikifungwa, kodi ya banda haiguswi.

Mzee wa Banda

Marahaba. Sasa nifanyeje na vijana wangu wanaotaka gemu za bei ndogo? Maana kuwaambia "subirini" peke yake hawanielewi.

Kibosho Juu

Waonyeshe SteamDB. Ni tovuti inayoonyesha bei ya gemu kwa kila sarafu na bei ya chini kuliko zote iliyowahi kufika. Tanzania haina mstari wake, wasome ule wa dola za Marekani. Gemu ya mpira inayotoka Septemba kwa 69.99 hushuka sana msimu wa ligi unapokaribia kwisha, na mtoto akiona mchoro wa mwaka uliopita kwa macho yake anaelewa haraka. Duka jingine la gemu, Epic, nalo hutoa gemu ya bure kila Alhamisi.

Na kwa nyumba yenye watoto wawili watatu kuna ile familia ya Steam iliyoanza Septemba 2024, watu hadi sita wa nyumba moja wanachangia gemu zao. Lakini wote wawe wa nchi moja.

FundiSakina

Hapo umenigusa penyewe. Dada yake ana akaunti, na mwezi huu tulitaka tuwaweke familia moja wachangie. Jana nimejaribu, imekataa. Yeye ni Tanzania, huyu sasa ni Uturuki. Kurudisha nchi kunataka ununuzi kwa kadi ya Tanzania, na kununua ndiko kulikozuiliwa. Hata kizuizi kikiondoka leo, miezi mitatu ya tangu tarehe 3 Machi inaisha tarehe 3 Juni. Mlango mmoja umefunga mwingine.

Sasa kuhusu kuwaandikia Steam. Kijana alitaka tuseme akaunti iliingiliwa na mwizi bila yeye kujua. Nimesita. Mnaonaje?

Chuga_Damu

Semeni imedukuliwa tu. Si kuna yule aliyeingia tarehe 3 Machi? Ushahidi upo.

Wakili wa Mnarani

Hapana. Kijana alitoa nywila na namba ya Steam Guard kwa hiari yake, na kwenye kumbukumbu zao inaonekana namba sahihi iliingizwa. Ukisema hakujua na wao wakaona alicheza gemu hiyo wiki tatu, umeharibu kila kitu kingine utakachosema. Andikeni lililotokea. Na muamala wa 80,000 mkauripoti polisi na kwa kampuni ya simu, namba ya dalali imesajiliwa kwa jina la mtu.

Kibosho Juu

Naungana na wakili. Ongezeni uthibitisho kwamba akaunti ni yake tangu mwanzo, yaani risiti za kwanza kabisa. Hicho ndicho dalali hana. Matokeo siwezi kuahidi. Nimeona watu wawili waliofunguliwa baada ya malipo yenye mgogoro kusuluhishwa, na mmoja ambaye hadi leo anacheza gemu zake za zamani lakini hanunui kitu.

FundiSakina

Tumeandika usiku huu, yeye akiandika mwenyewe na mimi nikisoma. Ameeleza kwamba alitaka bei ndogo, akampa mtu nywila, akalipa 80,000 kwa simu, na kwamba hakujua kadi ni ya nani. Tumeambatanisha muamala wa kumtumia dalali, na picha ya ule ufunguo kabla sijaufuta, bahati nzuri nilikuwa nimeipiga kwa simu.

Risiti ya kwanza ndiyo ilitusumbua. Ile gemu ya magari ya 2019 niliilipia kwa kadi ambayo ilishakwisha muda, na kadi yenyewe siikumbuki. Dada yangu ndiye aliyekumbuka kwamba siku ile nilitumia simu yake ya zamani kupokea meseji ya benki. Tumeitafuta kabatini, tukaichaji, ikawaka. Meseji ipo, Desemba 2019, kiasi ni kilekile kilichoko kwenye historia ya akaunti, hadi senti. Tumeipiga picha na kuituma.

Polisi tunakwenda kesho asubuhi, na dada amesema anakuja nasi kwa kuwa simu iliyotuma hela ni ya kwake. Nitarudi hapa wakijibu. Mpare wa Pasua, tuambie na binamu yako kakuta nini kwenye ule ukurasa.

Mpare wa Pasua

Nimemwamsha. Kwake ufunguo haupo, ila nchi inasomeka Uturuki na ununuzi wake ni wa siku 40 zilizopita. Gemu bado inafunguka. Ameniuliza afanye nini na sina jibu la kumpa.